Mama anaijua Biblia nje ndani, lakini kwenye video yangu ya chemsha bongo amepata 2 kati ya 12. Nimekosea wapi?

#1 Mzawa_wa_Tukuyu
Habari wakuu. Nimetengeneza video ya maswali ya Biblia ya kuchezwa nyumbani Jumapili jioni, familia nzima mbele ya runinga. Maswali 12, kila swali na kadi yake yenye majibu A, B na C. Kadi inakaa sekunde 10, saa inahesabu kwenye kona, kisha jibu sahihi linageuka kijani. Alama moja kwa swali, hakuna kukatwa.

Mama yangu ana miaka 71. Biblia yake ya Union Version imeshonwa upya mara mbili. Ukimtajia nusu ya mstari anamalizia. Juzi alipata 2. Maswali sita hakujibu kabisa, manne alijibu ikaonekana amekosa. Mwanangu wa miaka 9, ambaye hata Waamuzi na Wafalme anavichanganya, alipata 8. Mama akacheka, akasema uzee umefika, akaenda kuangalia ugali. Mimi sikufurahi hata kidogo. Tatizo ni video, nina uhakika, ila sijui ni kitu gani ndani ya video. Saidieni.

#2 Bwana_Shamba
Pole mkuu. Kusahau ghafla katika umri huo si kitu cha kupuuza. Mpeleke kituo cha afya wampime presha na sukari.

#3 Mzawa_wa_Tukuyu
Asante, lakini hajasahau kitu. Baada ya chakula alinisimulia safari yote ya Paulo mpaka Malta, na yule nyoka wa kwenye kuni. Ninauliza kuhusu kadi na muda.

#4 Mwalimu_wa_Madarasa
Nafundisha watoto kanisani hapa Kakamega, mwaka wa sita sasa. Kitu cha kwanza: nani alikuwa anasoma maswali? Video yako ina sauti, au kila mtu anajisomea?

#5 Mzawa_wa_Tukuyu
Haina sauti, muziki tu. Mwanangu ndiye alikuwa anasoma kwa nguvu ili bibi asikie.

#6 Mwalimu_wa_Madarasa
Basi sita za kwanza umezipata hapo. Chukua simu, fungua saa ya kupimia, soma swali lako moja pamoja na majibu yote matatu kwa mwendo wa mtoto wa darasa la tatu. Utuletee sekunde.

#7 Mzawa_wa_Tukuyu
Nimepima matatu. Swali la Danieli, "Ni mfalme yupi aliyeamuru Danieli atupwe katika tundu la simba?" pamoja na majibu yake: sekunde 8. La mana jangwani: 9. La binti za Selofehadi: 11.

Yaani la Selofehadi kadi iliondoka mtoto hajamaliza kusoma.

#8 Fundi_Kadi
Ndiyo hiyo. Saa inatakiwa kuanza pale kusoma kunapoisha, siyo pale kadi inapotokea. Watu wengi wanachukua mpangilio wa video za Kiingereza, zile za kadi ya sekunde 10, wanatia Kiswahili ndani. Msomaji mzoefu anayesoma kimya kimya kwenye simu zinamtosha. Sebuleni, ambako mmoja anasoma na watano wanasikiliza, muda wote unaliwa na kusoma.

Mimi nafanya hivi. Ninarekodi sauti ya swali kwanza, ndipo naikata kadi kwa urefu wa sauti. Sauti ikichukua sekunde 8, kadi inakaa sekunde 8 bila saa yoyote. Halafu saa inatokea na kuhesabu 12. Halafu kadi ya dokezo, sekunde 8. Halafu jibu na mstari wake, sekunde 10. Swali moja linakuwa sekunde 38, na maswali 12 ni dakika 7 na sekunde 36. Ukiongeza utangulizi unafika dakika 8, ambazo mtoto wa miaka mitano anavumilia.

Na kama uliitoa video kutoka PowerPoint, angalia kila slaidi. Usipoweka muda mwenyewe, inakupa sekunde 5 kwa slaidi. Nimeziona video nyingi ambazo kadi ya katikati inaruka kama imefukuzwa, ni hiyo.

#9 Mzawa_wa_Tukuyu
Niliweka 10 kote, ila wazo la kurekodi sauti kwanza silikuwa nalo. Na yale manne aliyojibu akakosa?

#10 Neema_ya_Asubuhi
Tuwekee maswali yenyewe, na alichojibu mama.

#11 Mzawa_wa_Tukuyu
Haya hapa.

Mamajusi walikuwa wangapi? A wawili, B watatu, C wanne. Jibu langu B. Mama alisema, "Haikuandikwa."

Yona alimezwa na nini? A mamba, B samaki mkubwa, C nyangumi. Jibu langu B. Mama alisema nyangumi.

Mstari mfupi kuliko yote katika Biblia? A Zaburi 117:1, B Yohana 11:35, C Mwanzo 1:1. Jibu langu B. Mama alisema, "Usiue." Tukacheka.

Nuhu aliingiza wanyama wangapi wa kila aina? A mmoja, B wawili, C saba. Jibu langu B. Mama aliuliza, "Wepi, walio safi au wasio safi?" muda ukaisha.

#12 Neema_ya_Asubuhi
Ndugu yangu, mwombe mama msamaha leo hii. Mamajusi Mathayo 2 haitaji idadi yao. Zilizotajwa ni zawadi tatu, dhahabu na uvumba na manemane. Watatu ni wa kwenye maigizo ya Krismasi. Na Mwanzo 7:2 inasema walio safi saba saba, wasio safi wawili wawili. Mama yako alikuwa anakusahihisha kwa upole na wewe ukaendelea na saa yako.

#13 Kijana_wa_Mwanjelwa
La Yona mtoa mada yuko sahihi lakini. Nyangumi haimo kabisa kwenye Biblia, ni hadithi za watu. Yona 1:17 ni samaki mkubwa. Na mstari mfupi ni "Yesu akalia machozi", hilo hata mtoto anajua.

#14 Mwalimu_wa_Madarasa
Kijana, nusu. Yona 1:17 ni samaki mkubwa, kweli. Sasa fungua Union Version, Mathayo 12:40, Yesu mwenyewe akimtaja Yona: "katika tumbo la nyangumi." Bibi aliyelelewa na tafsiri hiyo ana haki zote za kusema nyangumi. Ukiweka samaki mkubwa na nyangumi kwenye kadi moja kama majibu mawili yanayoshindana, umemtega.

La mstari mfupi ndilo lenye somo. Hilo ni swali la Kiingereza. Kule Yohana 11:35 ina maneno mawili, ndiyo ikapata sifa hiyo. Kwa Kiswahili ina maneno matatu. "Furahini siku zote", 1 Wathesalonike 5:16, nayo ni matatu, na ukihesabu herufi ni 16 dhidi ya 17 za "Yesu akalia machozi". Lakini Kutoka 20:13 ni neno moja: "Usiue." Herufi tano. Mama yako alijibu kwa lugha anayoisoma.

#15 Kijana_wa_Mwanjelwa
Nimefungua. Nyangumi yupo. Na "Usiue" nimeihesabu kwa vidole. Nimejifunza, asante Mwalimu.

#16 Mzee_wa_Rozari
Mwalimu, ongeza na Kumbukumbu la Torati 5:17, nayo ni "Usiue" vilevile. Kwa hiyo hata swali lenyewe lina majibu mawili. Na msije mkaweka swali la "Biblia ina vitabu vingapi" bila kusema ya nani. Sisi Wakatoliki tunahesabu 73, ndugu zetu 66. Kwa dada yangu waliliweka hilo kwenye sherehe ya ukoo, ukoo wenyewe umechanganyika, mjadala ukaenda mpaka pilau ikapoa.

#17 Fundi_Kadi
Ndiyo maana kwenye kona ya kila kadi ya jibu naandika sura, mstari na tafsiri niliyotumia. Herufi ndogo tu. Ikizuka hoja mtu anafungua na kusoma, hagombani na video.

#18 Binti_Mvita
Mimi ni Muislamu, niko Mombasa, lakini uzi huu unanihusu kwa sababu mwezi wa Ramadhani huwa tunafanya mambo haya haya baada ya futari. Tulikuwa na swali "sura gani ina aya chache zaidi?" Jibu kwenye kadi: Al-Kauthar, aya tatu. Nyanya akasema, na Al-Asri je? Na An-Nasri? Zote tatu zina aya tatu. Tukaligeuza likawa "taja sura moja yenye aya tatu", na mtoto mdogo akapata naye.

Kuhusu saa, sisi tuliitoa kabisa. Video inauliza, rimoti iko mkononi mwa nyanya, anasimamisha mwenyewe. Akiona watu wametosheka anabonyeza. Hakuna aliyekimbizwa.

#19 Bwana_Shamba
Hiyo ya rimoti nimeipenda. Ila mwenye rimoti ndiye anayetawala nyumba, kwetu ingekuwa vita na mama watoto 😀

#20 Mama_Tulia
Mimi nina wazo tofauti na ninyi nyote. Mama yako alikuwa anamwachia mjukuu. Bibi gani atamshinda mtoto wa miaka 9 mbele ya wageni? Mama mkwe wangu anajua kila kitu, lakini mjukuu akinyoosha mkono yeye ananyamaza anamtazama tu. Hakuna sekunde zitakazolitatua hilo. Linatatuliwa na alama.

#21 Fundi_Kadi
Inawezekana, ila manne alijibu, tena kwa sauti. Anayemwachia mtu hasemi "haikuandikwa".

#22 Mama_Tulia
Manne alijibu kwa sababu kadi ilikuwa na makosa, akashindwa kuvumilia! Yale sita yaliyokuwa sawa ndiyo alinyamaza.

#23 Mwanafunzi_wa_Hesabu
Mtoa mada, naomba kuuliza kitu. Katika yale manne uliyoweka, jibu lako ni B mara nne. Kwenye yote 12, B ni ngapi?

#24 Mzawa_wa_Tukuyu
Nimehesabu sasa hivi. B saba, A tatu, C mbili. Nimemwita mwanangu nikamwuliza aliwezaje kupata 8. Amesema, "Nikiwa sijui nasema B."

#25 Mwanafunzi_wa_Hesabu
Basi swali lako lilikuwa na pande mbili, na upande wa mtoto ndio huo. Ukitunga majibu, jibu sahihi mkono unalisukuma katikati wenyewe. Andika maswali yote kwanza, halafu kwa 12 panga A nne, B nne, C nne, na usiwe na herufi moja mara tatu mfululizo.

#26 Neema_ya_Asubuhi
Kuna na jambo la jibu kuvuja. Kwetu kijana mmoja alikuwa anajibu vizuri mno, kumbe mpito kati ya kadi ya swali na kadi ya jibu ulikuwa ule wa kufifia, sekunde nzima. Kijani kilianza kuonekana kwa mbali wakati saa bado inaonyesha 1. Yeye alikuwa anasubiri hapo. Weka kukata moja kwa moja, kadi hii iishe ndipo ile ije.

#27 Dada_wa_Minnesota
Wanangu wamezaliwa huku Marekani, Kiswahili wanasikia lakini kusoma ni shida. Niliweka lugha zote mbili kwenye kadi moja, ikajaa maandishi mpaka mama yangu akauliza hii ni kadi au gazeti. Sasa maandishi ni Kiswahili kitupu na sauti inasoma polepole. Kwa umbali wa kochi letu, herufi za swali zenye ukubwa chini ya 70 kwenye picha ya 1920 kwa 1080 mama haoni. Na usiweke kitu ukingoni kabisa, runinga yetu ya zamani inakata pembeni, saa yote ilikuwa imepotea. Mtoa mada, macho ya mama yakoje?

#28 Mzawa_wa_Tukuyu
Ana miwani ya kusomea tu. Sikulifikiria hilo, runinga yetu iko mbali na kiti chake.

Nimesikia mengi, nakwenda kurekebisha. Mama_Tulia, kuhusu alama ungefanyaje?

#29 Mama_Tulia
Sisi alama ni za nyumba nzima, siyo za mtu. Tunajaza mtungi. Mtu yeyote akijibu kabla ya dokezo, punje mbili za mahindi. Baada ya dokezo, punje moja. Wote wakikosa, mmoja akifungua Biblia na kusoma mstari kwa sauti, punje moja vilevile. Maswali 12 ni punje 24 za juu kabisa. Wiki iliyopita tulipata 17, wiki hii tunatafuta 18. Bibi hana wa kumshinda, kwa hiyo hana wa kumwachia.

#30 Kijana_wa_Mwanjelwa
Samahani Mama, lakini mimi nikiwa na miaka 12 nisingecheza hiyo. Bila kushindana na kaka yangu ningelala. Mtoto wa umri ule anataka jina lake juu.

#31 Mwalimu_wa_Madarasa
Wote wawili mna hoja. Darasani kwangu wa chini ya miaka 8 wanapenda mtungi, wa juu ya 10 wanataka timu. Ninachokataa ni kukata alama kwa kukosa. Mtoto aliyekatwa alama swali la pili hafungui mdomo tena, wala la tano wala la kumi.

#32 Mzawa_wa_Tukuyu
Swali dogo wakati naendelea. Mwisho wa video niliweka "andika alama zenu kwenye maoni", lakini maoni kule YouTube yamefungwa na sijayafunga mimi.

#33 Fundi_Kadi
Ulipopakia video ulijibu kwamba inawalenga watoto. Tangu Januari 2020 video ya namna hiyo haina maoni, na zile kadi za mwisho za kubonyeza hazitokei. Ondoa maneno hayo, waambie waandike alama kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

#34 Bwana_Shamba
Si abadilishe tu aseme si ya watoto, maoni yafunguke?

#35 Fundi_Kadi
Kama ni ya familia nzima, bibi na baba wamo, ana hoja. Kama kadi zina katuni za wanyama na sauti ya mtoto, hana. Swali linahusu video inamlenga nani, na aliyeitengeneza ndiye anayelijibu. Mimi zangu nimeziacha za watoto.

#36 Neema_ya_Asubuhi
Mimi zangu ni za familia na maoni yapo wazi. Humo ndimo nasahihishwa makosa kama ya mamajusi. Siwezi kuyafunga.

#37 Mzawa_wa_Tukuyu
Nimerudi, wakuu. Jana tumecheza toleo jipya. Sauti ni ya dada yangu, saa inaanza baada ya kusoma, sekunde 12, dokezo 8. Ukubwa wa herufi 80. A nne, B nne, C nne. Swali la mamajusi limekuwa "taja zawadi moja kati ya tatu walizoleta." La Yona nimeuliza alikuwa anakimbilia mji gani. La mstari mfupi nimelitoa. La Nuhu limekuwa "wanyama walio safi waliingia wangapi wangapi?" Kiti cha mama nimekisogeza. Alama ni za mtungi.

Mama amejibu 7. Mtoto amejibu 3, na la Tarshishi alilipata kwa dokezo la "alishukia Yafa akapanda merikebu". Mawili hatukupata, tukasoma.

#38 Mwanafunzi_wa_Hesabu
Kutoka 2 mpaka 7. Ila umebadilisha mambo mengi kwa mpigo, hutajua ni lipi lililofanya kazi.

#39 Fundi_Kadi
Ni muda. Sita ambazo hakujibu zilikuwa za muda. Mbili za mwanzo, na tano kati ya hizo sita, ni saba.

#40 Mama_Tulia
Ni mtungi. Yale matatu aliyojibu mtoto, mama alikuwa anayajua au hayajui? Mtoa mada sema kweli.

#41 Mzawa_wa_Tukuyu
La Daudi na mawe matano alikuwa anamtazama mtoto, midomo imefungwa, mkono juu ya goti lake. Analijua, ni yeye aliyenifundisha. Hayo mengine mawili sijui.

#42 Dada_wa_Minnesota
Na kiti kimesogea! Msisahau kiti.

#43 Binti_Mvita
Mjaribuni Jumapili ijayo na rimoti mkononi mwake, saa izimwe. Akipata saba zile zile basi haikuwa sekunde.

#44 Mzawa_wa_Tukuyu
Nitajaribu. Ila kuna jambo. Video ilipoisha mama alisema na yeye ana swali lake, halina A wala B. Akamwuliza mjukuu: "Timotheo alikuwa na bibi. Aliitwa nani?" Tukakaa kimya wote. Alisubiri, hakuhesabu. Mtoto akaenda kuleta ile Biblia ya kushonwa, akatafuta Timotheo wa kwanza, akakosa, akaenda wa pili, akasoma kwa kidole: "bibi yako Loisi, na katika mama yako Eunike." Ilichukua kama dakika nne.

Nataka kuliweka kwenye video ijayo. Sekunde ngapi nilipe?

#45 Mwalimu_wa_Madarasa
Weka kadi yenye picha ya Biblia iliyofungwa na maneno "simamisha video hapa". Na punje zake ziwe mbili hata akichelewa.

#46 Mzee_wa_Rozari
Tatu.